SOMO: Kufika hotelini ndani ya mji mkongwe wa Fes, Moroko

Wakuu, tangu AFCON ichezwe kule, inboksi yangu imejaa swali hili hili. Naliweka hapa mara moja.

Fes el Bali, yaani huo mji mkongwe, imezungukwa na ukuta na vichochoro vyake ni vyembamba, gari haliingii. Hapa Dar tumezoea bajaji kutushusha mlangoni. Kule teksi inaishia getini.

1. Uwanja wa ndege uko nje ya mji. Elewana bei na dereva kabla ya kupanda.

2. Teksi ndogo nyekundu za mjini hubeba abiria 3. Mkiwa 4, chukueni mbili.

3. Geti. Hapa ndipo nilipoumia. Nilimwambia dereva "Bab Bou Jeloud" kwa kuwa ndilo geti maarufu, wakati hoteli yangu ilikuwa bondeni, karibu na R'cif. Kutoka Bou Jeloud, njia ya Talaa Kebira inateremka mpaka msikiti wa Qarawiyyin. Nikaburuta begi kwenye mawe na ngazi hadi tairi likang'oka. Baghala waliobeba ngozi wanapita, mwenye nao anapaza sauti "balak!", yaani pisha, nami nimejibana ukutani. Dakika 40! Kumbe teksi inafika uwanja wa R'cif, na kutoka pale ni dakika 4.

Kwa hiyo waandikie hoteli kabla ya safari: gari linaishia wapi, "derb" (kichochoro) inaitwaje, na nani atakupokea. Mara nyingi jibu ni R'cif, Batha au Ain Azliten. Dereva mtajie hapo, usimtajie hoteli.

ANGALIZO: ramani ya simu usiiamini. Kuta ni ndefu, alama yako inarukaruka, na derb nyingi hazitokei upande wa pili. Unaweza kuwa mita 10 kutoka hotelini na ukuta katikati.

4. Mizigo mizito ina watu wa mikokoteni getini. Bei kwanza.

MASWALI

Kijana_wa_Mbagala: Mkuu, nishukie Bou Jeloud?
Jibu: Soma namba 3.

Kijana_wa_Mbagala: Nimeuliza tu, mbona mkali?
Jibu: Hujataja hoteli iko upande gani. Waulize wao, ukijibiwa rudi nikuelekeze.

BintiUpanga: Shikamoo kaka. Naenda na mama, magoti yanamsumbua. Atamudu?
Jibu: Marahaba dada. Atamudu, ila chagua hoteli iliyo jirani kabisa na Batha au R'cif. Uliza ngazi ni ngapi kutoka gari linapoishia. Halafu omba chumba cha chini, nyumba zile zina ngazi nyembamba na ndefu, na nyingi hazina lifti.

MzeeTandika: Kijana akisema njia imefungwa?
Jibu: Mara nyingi anataka umfuate kisha umlipe. Muulize mwenye duka.

BintiUpanga: Na tukipotea jioni?
Jibu: Beba kadi ya hoteli yenye anwani kwa Kiarabu. Pia geti la Bou Jeloud lina vigae vya buluu kwa nje na kijani kwa ndani. Mkiona kijani, bado mko ndani ya mji.