Karatasi za mwaka wa mwisho kabla ya kustaafu: niliyowaambia wenzangu kwenye semina, Mombasa

Asalam aleikum wazee wangu na mama zangu, wengine shikamooni. Mimi ni wa afisi ya wafanyikazi, faili zenu napitia mimi, kwa hivyo leo sitaongea mambo ya kufuga kuku wala kununua matatu, nitaongea faili tu. Haya ni ya sisi wa serikali kuu tulio kwenye pensheni ya zamani. Wa kaunti mna skimu zenu, na waliokuwa chini ya miaka 45 skimu mpya ilipoanza Januari 2021 wako kwa hesabu nyingine.

Kwanza hesabu ya nyuma. Ukifika 60 unatoka, lakini makaratasi yako yanatakiwa yawe yamefika Idara ya Pensheni Nairobi miezi tisa kabla. Ina maana ule mwaka mnaouita wa mwisho mimi nauona ni miezi mitatu, basi. Ile barua ya notisi ya kustaafu ukiipata tu usiiweke kabatini, njoo afisini wiki hiyo hiyo.

Pili, majina. Toa kitambulisho, PIN ya KRA, kadi ya benki na barua ya kwanza ya ajira, ziweke mezani zote nne usome herufi kwa herufi. Sisi wa Pwani hapa ndipo tunapokwama, barua ya mwaka 1991 inasema Mohamed bin Ali, kitambulisho Mohammed Ali, benki wameandika Mohd. Wewe unajijua ni mmoja, anayesoma Nairobi anaona watu watatu. Nenda kwa wakili uape hati ya kiapo kuwa majina yote ni yako, na benki warekebishe waandike kama kitambulisho.

Tatu ndiyo kubwa, barua za utumishi. Ajira ya kwanza, kuthibitishwa kazini, kila kupanda cheo, na kama uliwahi kuchukua likizo bila mshahara, barua ya kwenda NA ya kurudi. Ile likizo haihesabiwi kwa pensheni, sasa kama ya kurudi haipo nani atajua ulirudi lini?

Kuna mama nilimshughulikia, aliomba likizo ya hivyo amuuguze mamake, akakaa miezi kumi akarudi kazini. Faili ina barua ya kwenda, halafu kimya, karatasi inayofuata ni ya kupandishwa cheo miezi 14 baada ya kurudi. Kwa hiyo ile 14 ikahesabiwa kama hakuwepo. Tuchukue mshahara wake wa msingi 60,000 (marupurupu ya nyumba hayaingii), kwa mwaka 720,000. Unazidisha kwa miezi uliyotumikia, unagawanya kwa 480. Miezi 360 inatoa 540,000 kwa mwaka. Robo yake ni 135,000, unazidisha mara 20, mkupuo ni milioni 2.7 na kila mwezi anabaki na 33,750. Kwa miezi 346 mkupuo unashuka 105,000 na kila mwezi anakosa kama 1,300 mpaka aende zake. Kwa karatasi moja!

Kilichomuokoa ni peislipu. Alikuwa amezifunga kwa uzi ndani ya mkebe wa biskuti, zimekuwa manjano, lakini tarehe zinasomeka na mshahara upo kila mwezi. Tukazipiga kopi tukazipeleka na barua ya kuomba irekebishwe, ikakubaliwa. Jamani msichome peislipu.

Mwisho ni fomu ya kuchagua kama utachukua ile robo kwa mkupuo au utaacha pensheni nzima. Ongeeni nyumbani kwanza, ukishalipwa hakuna kurudi nyuma.

MASWALI

Dereva: Afisa, kitambulisho changu kinasema 1967 na barua ya ajira 1966, nirekebishe?
Jibu: Mzee wangu, inayofuatwa ni tarehe uliyotoa ulipoajiriwa. Usiende kubadilisha chochote sasa, mwaka huu itaonekana unatafuta mwaka wa ziada. Njoo na cheti cha kuzaliwa tuangalie faili pamoja.

Muuguzi: Mwanangu, mimi niliolewa nikabadilisha jina, kiapo chatosha?
Jibu: La mama, ongeza cheti cha ndoa, hata cha kadhi ni sawa. Kiapo peke yake kinasema umebadilisha, cheti ndicho kinaonyesha sababu.

Karani: Nikidaiwa na afisi, nitalipwa?
Jibu: Deni litakatwa. Lakini kinachochelewesha zaidi ni vifaa, kuna mtu alikwama kwa funguo za stoo aliyohama zamani. Anza kurudisha sasa, na kila unachorudisha dai sahihi ya mpokeaji na tarehe.