Kabla hujaandika barua ya kudai makato benki

Mama mdogo alinipigia simu kutoka Newala mwezi Juni 2024. "Mwanangu, hela ya korosho inapungua na mimi benki sijaenda." Akaunti yake ilifunguliwa ili apokee malipo ya mnada kupitia chama chao cha ushirika cha wakulima, AMCOS, na fomu aliyosaini inasema haina ada ya mwezi. Alitaka barua iandikwe siku ileile. Nilimwomba asubiri, maana barua yenyewe ni ukurasa mmoja. Kazi iko kwenye hesabu.

Cha kwanza ni taarifa ya akaunti yenye muhuri wa tawi. Meseji za simu hazitoshi, nyingine zimeshafutwa na nyingi hazitenganishi ada na kodi. Uliza bei kabla ya kuchapishiwa, kwa kuwa zipo benki zinazotoza kwa ukurasa, kisha omba miezi inayohusika tu. Sisi tulichukua Januari hadi Mei. Tafuta pia fomu ya kufungulia akaunti, au piga picha orodha ya ada iliyobandikwa tawini. Karatasi hiyo ndiyo dai lako. Kama ada imo kwenye orodha ya aina ya akaunti yako, ni halali hata ikiuma, na barua ya kuomba marejesho haitakusaidia.

Sasa kaa chini na kalamu nyekundu. Soma safu ya Debit peke yake, yaani pesa iliyotoka. Watu wengi hujichanganya na safu ya Balance, ambayo ni salio linalobaki baada ya kila muamala. Kwa mama mdogo, kila mwisho wa mwezi kulikuwa na mistari miwili: ada shilingi 2,500, na chini yake VAT 450, ambayo ni asilimia 18 ya ile ada. Mstari huo wa pili wengi huuacha wakidhani ni pesa ya serikali isiyorudi. Ada ikiwa haikustahili kutozwa, kodi yake nayo haikustahili, kwa hiyo idai.

Tarehe 12 Aprili kulikuwa na jambo jingine. ATM haikutoa pesa. Kiasi alichoomba kilirudi siku hiyohiyo, lakini ada ya kutolea, 1,200 na VAT 216, ilibaki imekatwa.

Kabla ya kujumlisha, pitia tena ukitafuta neno Reversal kwenye safu ya pesa iliyoingia. Hapa ndipo tulipokaribia kuharibu. Tarehe 3 Mei benki ilikuwa imesharudisha makato ya Aprili, 2,950, bila kumjulisha. Tungeidai tena, ofisa angeona kosa hilo kwanza na kuanza kutilia shaka mistari mingine yote.

Barua ilielekezwa kwa meneja wa tawi, ikiwa na namba ya akaunti na kichwa hiki: YAH: MAOMBI YA KUREJESHEWA MAKATO YASIYO SAHIHI, SHILINGI 13,216. Baada ya "Husika na kichwa cha habari hapo juu" na sentensi mbili za maelezo, hesabu ilikaa hivi:

31/01/2024: ada 2,500 + VAT 450 = 2,950
29/02/2024: ada 2,500 + VAT 450 = 2,950
31/03/2024: ada 2,500 + VAT 450 = 2,950
12/04/2024: ada ya ATM 1,200 + VAT 216 = 1,416
30/04/2024: ada 2,500 + VAT 450 = 2,950
31/05/2024: ada 2,500 + VAT 450 = 2,950
Jumla ya makato: 16,166
Toa marejesho ya 03/05/2024: 2,950
Kinachodaiwa: 13,216

Andika tarehe kama zilivyo kwenye taarifa. Ukiandika siku unayokumbuka ulikwenda ATM, na mfumo ukawa umeingiza muamala kesho yake, ofisa hatauona mstari wako. Omba pia ada isimamishwe kuanzia mwezi unaofuata, la sivyo utarudi na barua nyingine mwezi wa saba.

Chapisha nakala mbili na uambatanishe kopi, si karatasi halisi. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na uandike jina la aliyeipokea. Mama mdogo aliona aibu kuomba muhuri; nilimsihi asiondoke dirishani bila huo. Benki ikikaa kimya au ikikataa, unaweza kupeleka lalamiko kwenye dawati la malalamiko la Benki Kuu ya Tanzania, ambayo ina tawi lake Mtwara mjini. Huko watataka kuona kwamba ulianza na benki yako, na ushahidi wa hilo ni ile nakala yenye muhuri.