Kusoma prufu ya lebo ya dawa ya mtoto: nukta, vipimo na hesabu ya chupa

Kosa la tahajia kwenye lebo ya dawa hujitangaza lenyewe. "Parasetamoli" ikikosa herufi moja, mama bado anajua anamnywesha mtoto nini. Tarakimu haina tabia hiyo. 75 ni namba halali kama ilivyo 7.5, na hakuna programu ya tahajia itakayoipigia mstari mwekundu. Kwa hiyo unapokagua prufu, yaani nakala ya lebo inayosomwa kabla ya kuchapwa, sehemu kubwa ya kazi si kusoma, ni kupiga hesabu.

Nitatumia dawa moja tu, parasetamoli ya maji, kwa sababu iko karibu kila nyumba na huuzwa kwa nguvu tofauti. Sirapu ya kawaida ina miligramu 120 katika kila mililita 5, yaani miligramu 24 kwa mililita moja. Dawa ya matone ya watoto wachanga, ile ya kichupa kidogo, inaweza kuwa na miligramu 100 kwa mililita hiyo hiyo moja. Kipimo cha kawaida cha kunywa kwa mtoto ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito wake, kila baada ya saa 4 hadi 6, na isizidi mara 4 ndani ya saa 24.

Hatua ya 1: Usianze bila vitu vitatu

Omba maandishi yaliyoidhinishwa na mamlaka (TMDA kwa Tanzania, Bodi ya Famasia na Sumu kwa Kenya), mchoro wa mwisho unaokwenda kwa mpiga chapa, na kifaa cha kupimia kitakachowekwa ndani ya boksi. Cha tatu wateja wengi husahau kukuletea, nawe usikubali kukikosa. Lebo ikisema 2.5 ml halafu kikombe kilichomo kina mistari ya 5 na 10 tu, mzazi atakisia, na kosa hilo halionekani popote kwenye karatasi. Lebo ikisema "kijiko kidogo" bila kutaja mililita, uliza pia: kijiko cha dawa ni mililita 5, lakini vijiko vya chai vya majumbani havilingani.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya kila mstari

Juu ya karatasi tupu andika nguvu ya dawa kwa mililita MOJA. Usiiache kama "120 mg/5 ml", igawanye. Kisha kila mstari wa jedwali la dozi uugeuze kuwa miligramu, halafu miligramu kwa kilo.

Tuchukue prufu ya dawa ya matone, 100 mg/ml, yenye jedwali hili:

- Miezi 3–5: 2.5 ml
- Miezi 6–23: 5 ml
- Miaka 2–3: 7.5 ml

Ukilisoma kwa jicho tu, halina dosari. Dozi zinapanda kadiri umri unavyopanda, nukta zipo, vipimo vimeandikwa sawasawa. Sasa mchukue mtoto wa miezi 9 mwenye kilo 8. Mililita 5 mara 100 ni miligramu 500. Gawanya kwa 8, unapata miligramu 62.5 kwa kilo kwa dozi moja, zaidi ya mara nne ya kiwango cha juu. Akinyweshwa mara nne kwa siku, anafika miligramu 250 kwa kilo, na hapo ini liko hatarini. Alichostahili mtoto huyu ni miligramu 80 hadi 120, yaani kati ya 0.8 ml na 1.2 ml.

Usiishie kusema "si sahihi". Tafuta namba zimetoka wapi, kwa sababu mfamasia atakuelewa haraka zaidi ukimwonyesha chanzo. Jaribu namba zile zile kwenye sirapu: mililita 5 mara 24 ni miligramu 120, gawanya kwa 8 ni 15. Inakaa vizuri kabisa. Maana yake mtu alichukua lebo ya sirapu kama kiolezo, akabadilisha jina la bidhaa na nguvu yake, akalisahau jedwali. Kwa maoni yangu hili ndilo kosa baya kuliko yote katika kazi hii, baya kuliko nukta iliyopotea. Nukta ikipotea kwenye 7.5 inazaa 75 ml, kiasi kinachozidi chupa nzima ya mililita 60, na mzazi yeyote atashtuka. Jedwali lililohama chupa halimshtui mtu.

Mkanganyiko huu wa nguvu mbili ndio uliowafanya watengenezaji wa Marekani watangaze mwaka 2011 kuachana na matone makali na kubaki na nguvu moja kwa dawa za maji za watoto, miligramu 160 kwa mililita 5. Huku kwetu usidhani nguvu ni moja. Soma chupa.

Angalia vilevile kama mg na ml zimebadilishana nafasi. Parasetamoli ya kuwekwa kwenye mshipa ina miligramu 10 kwa mililita, hivyo atakayesoma miligramu kama mililita anatoa dozi mara kumi. Mamlaka ya dawa ya Uingereza ilitoa tahadhari mwaka 2010 kuhusu watoto wachanga waliozidishiwa dawa kwa namna hiyo.

Hatua ya 3: Winda nukta

Kanuni ni mbili. Chini ya moja, sifuri lazima itangulie: 0.8 ml, kamwe si .8 ml, kwa sababu nukta ikififia inabaki 8, na mililita 8 za matone yetu ni miligramu 800. Namba nzima isifuatwe na nukta na sifuri: 1 ml, si 1.0 ml, ambayo huonekana 10.

Ikiwa mchoro ni PDF yenye maandishi, kompyuta inaweza kukutafutia. Amri ya kwanza hutoa maandishi, ya pili huonyesha nukta zisizo na sifuri mbele, ya tatu huonyesha sifuri za ziada nyuma:

```
pdftotext -layout lebo.pdf lebo.txt
grep -nE '(^|[^0-9])[.,][0-9]' lebo.txt
grep -nE '[0-9][.,]0+([^0-9]|$)' lebo.txt
```

Lakini wabunifu wengi hugeuza herufi kuwa michoro kabla ya kutuma kiwandani. Hapo faili ya maandishi itatoka tupu, na grep itakaa kimya kana kwamba kila kitu ni salama. Fungua lebo.txt kwanza uone kama ina kitu ndani.

Nimeweka mkato pamoja na nukta kwa makusudi. Dawa inayovuka mpaka kwenda Kongo au Burundi inaingia kwenye uandishi wa Kifaransa, ambako 2,5 ni mbili na nusu. Tanzania na Kenya mkato hutenga maelfu. Hivyo 1,000 inaweza kusomwa elfu moja upande mmoja na moja kamili upande wa pili. Lebo moja ikitumika pande zote mbili, pendekeza elfu iandikwe kwa kuacha nafasi badala ya mkato, na ndani ya lebo hiyo alama ya desimali iwe moja tu, kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Tazama pia nafasi kati ya jina, namba na kipimo. "Propranolol20 mg" iliyobanwa inaweza kusomwa 120, kwa kuwa herufi l ya mwisho inafanana na moja. Namba isikatike na kipimo chake mwishoni mwa mstari. Mbunifu aweke nafasi isiyokatika kati yao.

Hatua ya 4: Alama ya mikrogramu

Parasetamoli haina mikrogramu, ila ukizoea kazi hii utakutana na vidonge vya foliki asidi vya wajawazito, ambavyo mara nyingi ni mikrogramu 400. Faili za zamani zilitumia fonti ya Symbol, ambamo herufi m ya kawaida huonekana kama µ, alama ya mikro. Faili ikihamishiwa programu nyingine na fonti ikapotea, µg inageuka mg bila mtu kugusa kitu, na dozi ya 400 inakuwa kubwa mara elfu. Hakuna haja ya kuilinda alama hii. Omba iandikwe "mikrogramu" kwa kirefu. Fanya vivyo hivyo kwa herufi U ya yuniti kwenye insulini, kwa sababu 4U husomwa 40.

Hatua ya 5: Maneno ya muda

"Kila saa 6" kwenye lebo ya Kiswahili ina njia mbili: kila baada ya saa sita, au kila ifikapo saa sita, mchana na usiku. Atakayeielewa kwa njia ya pili atampa mtoto dawa mara mbili badala ya nne. Andika "kila baada ya saa 6". "Kutwa mara 3" inaeleweka vizuri kwa sababu ndivyo wauzaji wa dawa wanavyosema, lakini kwa parasetamoli haitoshi. Mzazi anaweza kuzibana dozi tatu ndani ya mchana, kwa hiyo lazima pengo la saa na kikomo cha saa 24 viandikwe pia.

Hatua ya 6: Karatasi na sauti

Chapa mchoro kwa ukubwa wake halisi, asilimia 100, bila kuukuza. Kisha toa fotokopi ya hiyo karatasi. Nukta iliyopotea kwenye fotokopi itapotea pia kwenye lebo iliyolowa dawa, na hiyo ni sababu ya kuomba herufi kubwa zaidi.

Halafu muite mwenzako. Yeye ashike maandishi yaliyoidhinishwa, wewe ushike mchoro, usome kwa sauti tarakimu moja moja: "sifuri, nukta, nane, mililita." Msisome wote kutoka nakala moja. Anzeni na mstari wa chini mkipanda juu, ili akili isikamilishe mpangilio kabla jicho halijafika.

Hatua ya 7: Uliza, usirekebishe

Herufi iliyokosewa unaweza kuirekebisha mwenyewe. Namba, hapana. Hata pale hesabu inapokuonyesha jibu, dozi ni ya mfamasia, na maandishi yaliyoidhinishwa hayabadilishwi na msomaji prufu. Swali langu kuhusu lile jedwali lingeandikwa hivi:

"Mstari wa miezi 6–23: 5 ml × 100 mg/ml = 500 mg. Kwa mtoto wa kilo 8 ni 62.5 mg/kg. Jedwali linaelekea kuwa la sirapu ya 120 mg/5 ml. Mistari yote mitatu iko hivyo. Tafadhali mfamasia athibitishe dozi kwa saini kabla ya kuchapa."

Jibu likirudi, dai prufu mpya na upige tena hesabu ya jedwali zima, siyo ule mstari uliobadilishwa peke yake. Mbunifu anapoingiza 0.8 mahali palipokuwa na 5, safu hupanuka, na mara nyingi mstari wa jirani ndio unaosogea au kukatwa. Zichape prufu ya zamani na mpya kwa ukubwa mmoja, uzipange moja juu ya nyingine dhidi ya dirisha, na chochote kilichohama utakiona.