Aliyezaliwa tarehe 29 Februari: anasajiliwa siku gani, na aombe kitambulisho lini

Tuanze na jibu, maana ndilo linalotafutwa. Mtu aliyezaliwa tarehe 29 Februari anasajiliwa tarehe 29 Februari, basi. Fomu ya kizazi haina nafasi ya kujaza tarehe nyingine ya kutumika miaka ya kawaida, na cheti hakibadiliki kwa kuwa kalenda ya mwaka huu imeishia 28. Sherehe ifanyike tarehe 28 au tarehe 1 Machi, hilo ni shauri la familia na mfuko wake. Hakuna ofisi itakayowauliza.

Kazi yenyewe iko kwenye mambo mawili: tarehe iandikwe sawasawa tangu siku ya kwanza, na mtoto akifika miaka 18 mjue aende lini NIDA. Wakazi wa Dar es Salaam wengi hukwama kwenye moja kati ya hayo, kwa hiyo nitayafuata kwa mpangilio wake.

Hatua ya kwanza: kabla hamjatoka hospitali

Mtoto akizaliwa kwenye kituo cha afya, mzazi hupewa tangazo la kizazi. Karatasi hiyo ndiyo mama wa nyaraka zote zitakazofuata, na tarehe iliyomo ndiyo itakayohamia kwenye cheti. Isome hapo hapo, muuguzi akiwa bado yupo mbele yako.

Kosa kubwa huzaliwa usiku. Tarehe ya serikali hubadilika saa sita ya usiku, lakini watu wa pwani tangu zamani wanahesabu siku kuanzia magharibi jua likizama. Mwaka 2024, tarehe 29 Februari ilikuwa Alhamisi. Bibi wa Kigamboni akisema mjukuu kazaliwa "usiku wa Alhamisi", ana maana ule usiku wa Jumatano kuamkia Alhamisi. Karani aliyekulia bara akisikia maneno hayo hayo ataelewa Alhamisi kuamkia Ijumaa. Sasa weka na saa. Mtoto wa saa nane usiku, kwa hesabu ya bibi ni wa tarehe 29 Februari. Kwa hesabu ya karani ni wa tarehe 1 Machi. Mtoto wa saa tatu usiku, kwa bibi ni wa tarehe 28 na kwa karani ni wa tarehe 29. Maneno ni yale yale, tarehe zimekuwa tatu, na wote wawili wanasema kweli.

Dawa yake ni kutolitaja jina la siku peke yake. Sema hivi: "Usiku wa kuamkia tarehe 29, saa nane." Kama mtoto alizaliwa nyumbani, taarifa hutolewa kwa uongozi wa eneo lenu, na huko ndiko tahadhari hii inahitajika zaidi, kwa sababu hakuna kitabu cha wodi cha kulinganishia.

Wapo pia wazazi wanaoomba wenyewe iandikwe 28 "ili mtoto asisumbuke baadaye". Msifanye hivyo. Usumbufu wa kuwa na tarehe 29 ni mdogo mno ukilinganisha na wa kuwa na karatasi mbili zinazopingana.

Hatua ya pili: cheti cha RITA

Muda wa kawaida wa kusajili kizazi ni siku 90. Anayezaliwa 29 Februari 2028, siku zake 90 zinafika tarehe 29 Mei 2028. Ukipita hapo bado unasajili, ila unaingia kwenye usajili uliochelewa, ambao unadai ushahidi zaidi: kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo kama kipo, vyeti vya shule, barua ya serikali ya mtaa, vitambulisho vya wazazi. Maombi hufanywa kwa mtandao kupitia eRITA au katika ofisi ya usajili ya wilaya: Ilala, Kinondoni, Temeke, Ubungo au Kigamboni. Malipo hufanyika kwa namba ya kumbukumbu inayotolewa na mfumo, si mkononi mwa kishoka anayekungoja getini.

Ukijaza kwenye mtandao, kuna kitu kimoja cha kuangalia. Kalenda nyingi za fomu hufunguka zikiwa kwenye mwaka huu tulio nao. Ukianza kuchagua mwezi na siku, Februari itakuonyesha siku 28 tu, na hapo ndipo wengi hukata tamaa wakabonyeza 28 wakidhani mfumo haukubali. Chagua mwaka wa kuzaliwa kwanza, halafu mwezi, halafu siku. Tarehe 29 itajitokeza yenyewe.

Isipojitokeza hata baada ya kuchagua mwaka, chunguza mwaka wenyewe. Kwa miaka ya 1901 hadi 2099, mwaka mrefu ni ule unaogawanyika kwa 4 bila kubaki kitu. 1988 ni mwaka mrefu, 1996 ni mwaka mrefu, 2000 pia. Mzee anayesema alizaliwa 29 Februari 1958 ana kasoro mahali, kwa kuwa 1958 haikuwa na tarehe hiyo. Ama mwaka umekosewa (1956 na 1960 zote ni miaka mirefu), ama siku. Asichague tu inayompendeza. Atafute karatasi ya zamani kuliko zote aliyonayo, aanzie hapo.

Hatua ya tatu: kutimiza miaka 18

Hapa ndipo mwaka wa kawaida unapoleta swali la kweli. Kumi na nane haigawanyiki kwa 4, kwa hiyo hakuna mtu aliyezaliwa tarehe 29 Februari anayetimiza miaka 18 siku yenyewe ya tarehe 29 Februari. Wote, bila ubaguzi, wanatimiza katika mwaka usio na tarehe hiyo.

Duniani sheria zimegawanyika. Nyuzilandi wanamhesabu mtu huyu kuwa ametimiza tarehe 28 Februari. Hong Kong wanasema 1 Machi. Kwa mkazi wa Dar ushauri wangu ni wa kivitendo: ombeni kuanzia tarehe 1 Machi. Siku hiyo, uhesabu kwa namna yoyote, miaka 18 imekamilika na hakuna karani wala mfumo unaoweza kukubishia. Tarehe 28 unaweza kubishana na kompyuta, na kompyuta haichoki.

Tuchukue mfano. Binti wa Mbagala kazaliwa 29 Februari 2008, saa tisa usiku, ule usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa. Anatimiza 18 mwaka 2026. Tarehe 28 Februari 2026 ilikuwa Jumamosi na tarehe 1 Machi ilikuwa Jumapili, kwa hiyo ubishi wote wa 28 au 1 ukamalizwa na wikiendi: siku ya kwanza ya kazi ni Jumatatu, tarehe 2 Machi. Anajaza fomu ya NIDA, anaipeleka serikali ya mtaa igongwe muhuri, kisha anakwenda ofisi ya NIDA ya wilaya na nakala ya cheti cha kuzaliwa na viambatisho vingine, apigwe picha na kuchukuliwa alama za vidole.

Kabla hajaondoka nyumbani, atandaze karatasi zake zote mezani asome tarehe moja moja. Tuseme kadi ya kliniki inasema 29/02/2008, rekodi za shule zinasema 01/03/2008, na cheti cha kuzaliwa kinasema 28/02/2008. Hali hii si ya ajabu. Baba alichelewa kusajili, akajaza mwaka wa kawaida kwa kalenda ya simu. Mwalimu naye, akiandikisha darasa la kwanza, akaona 29 haipo akasogeza mbele.

Binti huyu asiende NIDA kwanza. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Ya kwake inapaswa kuanza na 20080229. Akienda na cheti kile, itaanza na 20080228, na namba hiyo ndiyo itakayoingia kwenye laini ya simu, akaunti ya benki, namba ya mlipakodi na pasipoti. Kurekebisha cheti kabla ya namba ni kazi ya ofisi moja. Kurekebisha baada ya namba ni kazi ya kila ofisi iliyokwisha kuitumia.

Kwa hiyo mpangilio wake ni huu. Kwanza RITA, aombe marekebisho ya cheti akiwa na cheti halisi, kadi ya kliniki au tangazo lenyewe, na hati ya kiapo ya mzazi inayoeleza kosa lilitokeaje. Kiapo kitaje saa ya kuzaliwa na kiseme wazi "usiku wa kuamkia tarehe 29 Februari 2008". Kisiandike tu "usiku wa Ijumaa". Kadi ya kliniki ina nguvu kuliko maelezo marefu, kwa sababu iliandikwa mtoto akiwa mchanga, kabla mtu yeyote hajawa na sababu ya kusogeza tarehe.

Pili, akishapata cheti sahihi, aende NIDA. Kwenye dirisha, karani akimwonyesha taarifa zake azithibitishe, asitazame jina tu. Tatu, apeleke nakala ya cheti kwa mkuu wa shule aombe rekodi zilingane. Akiacha hili, litamrudia wakati wa kuomba mkopo wa elimu ya juu, ambapo cheti cha kuzaliwa huhakikiwa RITA kwanza.

Wanaokaribia kustaafu

Kwa watumishi hesabu inageuka. Sitini inagawanyika kwa 4, hivyo anayestaafu kwa lazima akiwa na miaka 60 anaikuta siku yake halisi: aliyezaliwa 29 Februari 1964 alifika 60 tarehe 29 Februari 2024. Anayetaka kustaafu kwa hiari akiwa na 55 ndiye anayeangukia mwaka wa kawaida. Huyo naye barua yake iseme kuanzia 1 Machi, na ahakikishe tarehe ya kuzaliwa iliyo kwenye jalada la mwajiri ndiyo hiyo hiyo iliyo kwenye mfuko wa pensheni. Majalada mengi ya zamani yalijazwa kwa mkono, na 29 iliyoandikwa haraka husomeka kama 24.