Rambirambi kutoka ChatGPT: hatua za kuifanya iwe ya mtu mmoja

Mimi ni katibu wa chama cha kusaidiana katika mtaa mmoja wa Eastlands, Nairobi. Mtu akifiwa, mimi ndiye ninayeandika rambirambi za chama, na siku hizi wanachama hunitumia na za kwao nizipitie kabla hawajazituma. Nyingi zimetoka ChatGPT, na nyingi zinafanana na hii:

"Nimepokea kwa huzuni kubwa taarifa za kifo cha baba yako mpendwa. Maneno hayawezi kueleza uchungu unaoupitia katika kipindi hiki kigumu. Kumbukumbu zake nzuri ziendelee kukufariji. Nipo pamoja nawe, usisite kuniambia ukihitaji chochote."

Sarufi haina kosa. Sasa ondoa "baba" uweke "shangazi". Hakuna sentensi iliyotikisika. Hilo ndilo jaribio langu la kwanza kwa kila rasimu: ukiweza kumbadilisha marehemu na ujumbe ukabaki vilevile, basi bado hujamtaja mtu.

Chanzo chake kinaeleweka. Programu ya aina hii huunda sentensi kwa kukisia neno linaloelekea kufuata, kulingana na maandishi mengi mno iliyofunzwa nayo. Ukiiandikia tu "nipe rambirambi kwa rafiki aliyefiwa na baba", umeiambia jambo ambalo ni kweli kwa maelfu ya watu, nayo inakupa maneno yanayowafaa wote hao. Haina la kusema kuhusu mzee huyu kwa sababu hujaipa.

Hatua ya 1: Kumbuka kabla ya kufungua programu

Chukua karatasi, uandike mambo matatu: aliyefiwa humwita marehemu nani, kitu kimoja ulichokiona au kukisikia kuhusu marehemu, na jambo ambalo wewe mwenyewe utalifanya na siku utakayolifanya.

Hapo kwenye jambo la pili ndipo watu wengi hukwama. Mwanachama mmoja alitaka kumwandikia fundi wa nguo aliyefiwa na baba yake (nimebadilisha mambo kadhaa ili asitambulike). Akaniambia, "Katibu, mzee simjui." Nikamuuliza kama hakuwahi kumwona hata siku moja. Akanyamaza kidogo, kisha akakumbuka kwamba Januari moja, wakati wa pilikapilika za sare za shule, mzee alikuja kutoka mashambani akawa anakaa kwenye benchi la kibanda akishona vifungo. Mteja akimuuliza bei alikuwa akijibu, "Muulize mwenyewe, mimi ni kibarua wake."

Hilo linatosha. Si lazima useme alikuwa mkarimu, mcha Mungu na nguzo ya jamii. Anayesoma ataona jinsi baba alivyojivunia mwanawe, na hutakuwa umeongeza sifa hata moja.

Kama kweli hukumwona marehemu, tumia ulichosikia kutoka kwa aliyefiwa: "Ulizoea kutuambia mama hakubali chai isiyo na tangawizi." Na kama huna hata hilo, sema hukubahatika kumjua, kisha uende moja kwa moja kwenye jambo la tatu. Ujumbe wa mistari miwili ulio wa kweli haumwaibishi mtu.

Hatua ya 2: Ipe programu mipaka

Kama bado unataka ikusaidie kupanga maneno, iandikie hivi:

```
Panga maelezo haya yawe ujumbe wa WhatsApp wa sentensi tano.
Usiongeze sifa, kumbukumbu wala ahadi ambayo sijaitaja.
Usitumie: kipindi hiki kigumu, maneno hayawezi kueleza,
nipo ukihitaji chochote.
Namwita "Fundi". Ni jirani yangu, tunaheshimiana.
Maelezo: ...
```

Mstari wa pili ndio muhimu kuliko yote. Usiweke majina kamili, ugonjwa wala hospitali; hayo ni ya familia, na ujumbe hauyahitaji. Dini ya familia itaje, la sivyo utaletewa mchanganyiko. Nimewahi kuona rasimu iliyoanza na "Inna lillahi" ikamalizia kwa "Bwana Yesu awafariji".

Hatua ya 3: Kata

Hata baada ya maagizo hayo, rasimu ya fundi ilirudi ikiwa na sentensi hii: "Tabasamu lake na moyo wake wa kusaidia vitakumbukwa na wote waliomjua." Nani alitaja tabasamu? Programu ilichukua vifungo ikavigeuza kuwa moyo wa kusaidia, kisha ikaongeza tabasamu juu yake. Soma kila sentensi ukijiuliza, "Hili nimelijuaje?" Usipopata jibu, futa. Hatari si ubaridi tu: mfiwa akisoma kumbukumbu ambayo haikutokea, atajua kwamba hukuandika wewe.

Kata pia "usisite kuniambia ukihitaji chochote". Mtu anayekimbizana na kibali cha mazishi, mochari na gari la kusafirisha mwili hana nafasi ya kukutafutia kazi. Badala yake weka lile jambo la tatu.

Mwisho, usome kwa sauti. Kama mdomo wako haujawahi kusema "taarifa za kifo", andika "nimesikia mzee ametuacha". Ujumbe uliotumwa hatimaye ulikuwa huu:

"Fundi, pole sana. Nimesikia mzee ametuacha. Nilimwona Januari ile akishona vifungo kibandani, na mteja akimuuliza bei alikuwa akijibu, 'Muulize mwenyewe, mimi ni kibarua wake.' Mungu ampumzishe. Kesho saa kumi na mbili jioni nitakuja kwenye mkutano wa matanga, na Jumamosi nitabaki kukuangalizia kibanda wewe ukisafiri."

Jaribu kuweka shangazi hapo.

Kuna watu wanaodhani tatizo ni kugundulika. Mwezi Februari 2023 ofisi moja ya Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, iliwatumia wanafunzi barua pepe kufuatia mauaji ya risasi katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, na chini kabisa kukawa na mstari uliosema kwamba maneno yametokana na ChatGPT. Wanafunzi walikasirika, ofisi ikaomba radhi. Mimi naona kwamba hata mstari ule ungefutwa, barua ingebaki bila mtu ndani yake.

Ukiomba radhi

Hapa hatua ni zilezile, ila kasoro hujificha kwenye vitenzi. Mweka hazina wetu alisahau kuandika jina la mama mmoja kwenye orodha ya waliochanga, na orodha ikasomwa bila jina hilo mbele ya kikao kizima. Programu ikamwandikia: "Tunaomba radhi kwa usumbufu wowote uliojitokeza." Nani aliusababisha? Umejitokeza wenyewe. Na neno "wowote" linatilia shaka kama ulikuwepo.

Mwambie aliyekosa aandike kitendo chake kwa "ni-", aeleze hasara ilivyomfikia mwenzake, kisha aseme alichokwisha kurekebisha. Visingizio aviache.

"Mama, nisamehe. Ulinitumia elfu mbili kwa M-Pesa Alhamisi, nikazipokea na sikuziandika. Jumapili ukakaa pale watu wakidhani hukutoa kitu. Nimeziandika leo, na nimetuma orodha iliyosahihishwa kwenye grupu."

Sentensi ya tatu ndiyo ambayo programu haiwezi kuitoa bila kuambiwa, kwa sababu haikuwepo kwenye kikao. Pia ndiyo watu huogopa kuiandika. Wengi hunirudishia rasimu wakiwa wameifuta.

Ujumbe wenyewe mtumie mama faraghani, na ikiwezekana umpigie simu kwanza. Sahihisho la orodha liende kwenye grupu lenye watu walewale waliokuwa kikaoni, na kikao kijacho jina lake lisomwe.