Somo: Kitanzi cha kimo cha droni ya mota nne, kuanzia kwenye mizani hadi PD ya ngazi mbili

Somo hili linahusu jambo moja tu: kukifanya chombo kikae kwenye kimo ulichokiambia na kisihame. Mfano wetu ni droni ya kilo 1.2 pamoja na betri, propela za inchi 10, betri ya seli nne. Chako kikiwa kizito zaidi, badilisha namba. Hatua ni zile zile.

Hatua ya 1: Pima, usikisie

Chombo kikielea mahali pamoja, msukumo wa propela zote nne ni sawasawa na uzito wake. Kilo 1.2 mara 9.81 ni nyutoni 11.77, kwa hiyo kila mota inabeba nyutoni 2.94, yaani gramu 300 kwa lugha ya mizani.

Msukumo wa propela hukua kwa mraba wa kasi yake ya kuzunguka: `F = k*w^2`. Hiyo `k` ndiyo tunayoitafuta. Chukua mizani ya jikoni ya kidijitali inayofika kilo 5, weka tofali jepesi juu yake, kisha kifunge chombo kwenye tofali kikiwa kichwa chini, miguu juu. Kikigeuzwa hivyo, upepo unapulizwa juu na msukumo unaikandamiza mizani. Ukikiweka wima, upepo utagonga meza na kurudi, na namba utakayosoma itakudanganya. Funga kamba kweli kweli, na usiisogelee propela kwa mkono hata kama inazunguka polepole.

Bonyeza sifuri kwenye mizani, kisha pandisha mota zote nne kwa pamoja mpaka isome gramu 1,200. Hapo pima mizunguko. Kwa chombo chetu ni kama 4,380 kwa dakika, sawa na radiani 458.5 kwa sekunde (radiani ni kipimo cha pembe, si redio ya kusikiliza taarifa ya habari). Basi `k = 2.943/458.5^2`, ambayo ni 0.000014.

Hatua ya 2: Nyoosha mkunjo

Mlinganyo kamili wa mwendo wa juu na chini ni huu:

```
m*z'' = 4*k*w^2*cos(roll)*cos(pitch) - m*g
```

Mraba wa `w` unafanya mstari ujikunje, na vizidishi vya PD, yaani kidhibiti kinachoangalia pengo na kasi yake ya kubadilika, tunavikokotoa kwa urahisi pale tu mstari unaponyooka. Lakini chombo kinachoelea hakitoki mbali na radiani 458.5. Kwa hiyo tunachukua kipande kifupi cha mkunjo pale pale na kukihesabu kama mstari. Nyongeza ya msukumo inakuwa `8*k*wh*dw`, na `wh` ni kasi ya kuelea. Kwa namba zetu, kila radiani moja unayoongeza kwenye mota zote inaleta nyutoni 0.051.

Kipande hicho kinaaminika mpaka wapi? Ongeza radiani 10: mstari unasema nyutoni 0.51, mkunjo wenyewe unasema 0.52. Hakuna tofauti ya kugombania. Ongeza radiani 100: mstari unasema 5.1, mkunjo 5.7. Hapo umeshakosea kwa asilimia 10, na chombo kitapanda kwa nguvu kuliko ulivyokusudia. Ndiyo maana kwenye karatasi tunatumia mstari kuchagua vizidishi, lakini kwenye programu tunatumia kipeuo cha pili chenyewe, maana kompyuta ndogo ya chombo haichoki kutafuta kipeuo.

Kilichobaki baada ya kunyoosha ni chepesi: mchapuko ni nyongeza ya msukumo kugawa kwa tungamo. Ila mota haitii amri papo hapo. Inachukua takriban sekunde 0.05 kuikaribia kasi mpya, na ucheleweshaji huo mdogo ndio utakaokuwekea kikomo baadaye.

Hatua ya 3: Ngazi mbili

Kitanzi cha nje kinaangalia pengo la kimo na kuagiza kasi ya kupanda au kushuka. Kitanzi cha ndani kinaangalia pengo la kasi na kuagiza mchapuko.

```
v_ref = clamp(1.25*(z_ref - z), -1.0, 1.5)
a_cmd = clamp(5.0*(v_ref - v), -4.0, 5.0)
T = m*(g + a_cmd)/(cos(roll)*cos(pitch))
w = sqrt(T/(4*k))
```

Ukizidisha ngazi mbili hizo bila mipaka, unapata `6.25*e - 5*v`, `e` ikiwa pengo la kimo, ambayo ni PD ya kawaida kabisa. Watu huuliza, basi tuhangaike na ngazi kwa nini? Jibu liko kwenye ile mipaka. Mwambie chombo kipande mita 10 kwa mpigo: PD ya ngazi moja itaagiza mchapuko wa 62.5, mara sita ya mvutano wa dunia. Mota zitafika kikomo, na chombo kitapaa mpaka kipitilize. Kwenye ngazi mbili, agizo la kasi linakatwa kwenye mita 1.5 kwa sekunde, na chombo kinapanda kwa utulivu.

Mpaka wa kushuka nimeuweka mdogo makusudi. Chombo kikishuka haraka kinaingia kwenye upepo wake chenyewe, propela zinapoteza kishiko na kinaanza kutapatapa. Hewa inayopita kwenye propela zetu wakati wa kuelea inakwenda kama mita 4.9 kwa sekunde, na matata huanza kwenye takriban nusu ya hapo. Mita 1 kwa sekunde iko mbali na hatari. Ule mpaka wa -4.0 nao una kazi: unahakikisha mota hazizimiki zote wakati wa kushuka, maana mota zikizimika hakuna wa kukishika chombo kisipinduke.

Hatua ya 4: Kwa nini 5 na 1.25

Anza na kitanzi cha ndani. Pamoja na ucheleweshaji wa sekunde 0.05, kizidishi cha 5 kinaleta tulizo kamili: kasi inafika inapotakiwa haraka bila kupitiliza. Kisha kitanzi cha nje kiwe robo ya hapo, yaani 1.25. Mlinganyo wa jumla unakuwa `s^3 + 20*s^2 + 100*s + 125 = 0`, na mizizi yake ni -1.91, -5 na -13.09. Yote ni namba halisi na hasi, kwa hiyo hakuna kuyumba. Agiza nusu mita na chombo kitatulia baada ya sekunde mbili na nusu hivi.

Kasi `v` usiipate kwa kutoa vipimo viwili vya baromita na kugawa kwa muda. Baromita ikitikisika sentimita 10 tu, ukisoma mara 50 kwa sekunde, unapata kasi ya uongo ya mita 5 kwa sekunde, na kitanzi cha ndani kinaizidisha mara tano. Ichanganye na kihisi cha mchapuko: mabadiliko ya haraka yatoke huko, na baromita isahihishe polepole.

Jaribio la kwanza fanya asubuhi kabla upepo haujaamka, na hatua iwe nusu mita, si zaidi, ili mipaka isiguswe na uone tabia ya vizidishi vyenyewe.

Maswali ya wanachama

Kutoka Wete: *Mwalimu, shukran kwa somo. Chombo changu nimekiagiza mita 5, mwanzo kinakaa vizuri, lakini kadiri betri inavyokwisha kinateremka taratibu, karibu mita nzima. Hakiyumbi, kinazama tu. Kizidishi ni kidogo?*

Vizidishi havina kosa, ndugu yangu. Kidhibiti chako kinatuma asilimia ya throtli, na kasi ya mota inafuata volti. Betri ikitoka 16.8 ikafika 14.0, msukumo unapungua kwa mraba: unabaki asilimia 69 kwa agizo lile lile. PD haina kumbukumbu, kwa hiyo njia yake pekee ya kupata msukumo uliopungua ni kuacha pengo la kimo. Piga hesabu: `0.694*(9.81 + 6.25*e) = 9.81`, unapata pengo la sentimita 69. Soma volti na ugawe throtli kwa `V/16.8`. Sentimita chache zitakazobaki, ongeza kijumlishi kidogo cha polepole, na kijumlishi hicho ukizime wakati chombo kiko chini, la sivyo kitajaza akiba na chombo kitaruka ghafla ukiwasha.

Kutoka Nungwi: *Kusi likivuma, droni inapanda na kushuka mita mbili tatu yenyewe. Ndani ya nyumba imetulia kama imegongewa msumari.*

Hilo si la kitanzi, ni la baromita. Upepo wa mita 8 kwa sekunde ukiipiga moja kwa moja unaongeza shinikizo la kama paskali 38. Mita moja ya kimo ni paskali 12 tu, kwa hiyo baromita inadhani chombo kimeshuka mita tatu na kidhibiti kinakipandisha. Upepo ukipita kwa ubavu na kunyonya, inakuwa kinyume chake. Funika kihisi kwa sponji ya matundu wazi, ile nyeusi laini, bila kuiziba kabisa, na kiweke ndani ya kasha lisilopigwa na upepo wa propela. Kupunguza vizidishi kutaficha tatizo tu.

Kutoka Jambiani: *Nilipandisha kizidishi cha ndani kutoka 5 hadi 20 ili kiwe kikali zaidi. Sasa kinatetemeka juu-chini na mota zinapiga kelele. Nitajuaje ni kitanzi kipi?*

Hesabu mitikisiko ukitumia saa. Kwa 20, kitanzi cha ndani kinabaki na nusu ya tulizo lake na kinatikisika karibu mara tatu kwa sekunde, kabla hata hujahesabu ucheleweshaji wa kihisi na chujio, ambao unazidisha ubaya. Ukiona kasi hiyo, mkosaji ni wa ndani. Rudi 5, halafu panda nusu nusu. Ukiona kuyumba kwa polepole, sekunde moja na kidogo kwa kila mzunguko, huku chombo kikipitiliza kama robo ya hatua, mkosaji ni wa nje; hiyo ndiyo sura ya mtu aliyeweka 5 mahali pa 1.25. Kelele za mota peke yake, bila chombo kusogea, ni mtikisiko wa propela unaoingia kwenye kihisi cha mchapuko. Kwenye mizunguko yetu ni mitikisiko 73 kwa sekunde, na maradufu yake kwa propela ya panga mbili. Sawazisha propela kwanza, kisha weka raba laini chini ya kihisi. Chujio liwe la mwisho, kwa sababu kila chujio linaongeza kuchelewa.