Kabla ya kuandika maelezo ya sauti, pima kimya

Ukiandika maelezo ya sauti, yaani maneno ya msimulizi yanayowaeleza watazamaji wasioona kinachoonekana kwenye filamu, anza na saa. Pima kimya kilichopo kati ya mazungumzo, toa nusu sekunde kila upande ili msimulizi asimkanyage mwigizaji, ndipo uandike. Maneno yetu ni marefu, kwa hiyo mimi huhesabu mawili kwa sekunde.

Tuseme Asha anamwambia dada yake, "Nimeshamsamehe." Kimya sekunde 4, kisha mlango unabamizwa. Una sekunde 3, yaani maneno sita hivi. Rasimu ya kwanza huwa hivi: "Asha anasimama taratibu, anachukua picha ya harusi mezani, anaichana, anatoka na kubamiza mlango." Haiingii. Mlango utasikika wenyewe, na kusimama hakuongezi kitu. Karatasi ikichanwa nayo itasikika, lakini ni karatasi gani? Hilo ndilo asiyeona analikosa, na ndilo linalokanusha msamaha wake. Basi: "Asha anachana picha ya harusi."

Jina libaki. Ukisema "anachana" tu, wanawake wako wawili chumbani.

Mwisho isome kwa sauti filamu ikiendelea. Ulimi ukikimbia, punguza neno.